Uso wa mafuta na chunusi: chupa tatu zinatosha (maneno ya video)

[Meza, taulo jeupe, sabuni, losheni ya jua, krimu ya chunusi.]

Habari zenu. Leo ni zamu ya wenye uso wa mafuta na chunusi ndogo ndogo, hasa mnaoishi kwenye joto la pwani. Hakuna kitakachokutakatisha kwa siku saba. Chunusi huhitaji wiki 8 hadi 12 za dawa, na madoa meusi yanayobaki hufifia kwa miezi. Anayekuahidi haraka zaidi ya hapo, muulize kwenye kopo lake kuna nini.

Asubuhi, osha kwa sabuni laini isiyo na manukato, kwa vidole tu. Uso ukikaza baada ya kuosha, wengi hudhani ndiyo umetakata. Hapana, sabuni ni kali, badilisha.

[Onyesha vidole viwili.]

Kisha losheni ya jua, SPF 30 au zaidi. Chora mistari miwili mirefu kwenye kidole cha shahada na cha kati: hicho ndicho kipimo cha uso na shingo. Ukipaka tone moja, kinga iliyoandikwa kwenye chupa huipati. Rudia kila saa mbili ukiwa juani au ukitoka jasho. Sisi weusi tunaihitaji pia, maana jua hukoleza madoa. Ikikuacha na weupe wa majivu, tafuta isiyo na zinki, au yenye rangi ya ngozi yako.

Usiku, osha, kausha, subiri ngozi ikauke kabisa. Paka benzoili peroksaidi ya asilimia 2.5, tabaka jembamba kwenye eneo lote linalotoka chunusi, siyo juu ya kipele tu. Anza usiku mmoja ndiyo, mmoja hapana. Usikimbilie ya asilimia 10: huunguza zaidi bila faida kubwa ya ziada. Na hii dawa hupausha vitambaa, kwa hiyo taulo na foronya ziwe nyeupe, khanga kaa nayo mbali.

Pesa yako ibaki mfukoni kwa tona, skrabu, barakoa za karatasi na krimu ya macho. Kujifukiza hakutibu chunusi. Dawa ya meno huwasha. Limau ni baya zaidi: likikutana na jua linaweza kukuunguza na kukuachia doa jipya.

Mkorogo wa kujichubua, acha kabisa, maana ndani yake huweza kuwa na zebaki, haidrokwinoni au steroidi. Zebaki hudhuru figo. Haidrokwinoni ikitumika muda mrefu inaweza kuacha weusi wa kijivu usiotoka. Steroidi hukondesha ngozi, na ukiiacha uso huwaka na vipele hurudi kwa wingi. Kama umeshaitumia miezi mingi, mwone daktari wa ngozi akusaidie kuiacha.

Mwone pia ukiwa na majipu ya ndani yanayouma au makovu yenye mashimo. Mjamzito, usiguse krimu za jamii ya vitamini A.

[Karibu: lebo ya nyuma ya krimu.]

Dukani soma hapa, kiambato na asilimia. Kopo lisilo na lebo lirudishe kwenye rafu.