Maneno ya wodini: kwa wahudumu wapya wa usafi na wabeba wagonjwa

Karibuni kazini. Manesi na madaktari huchanganya Kiswahili na Kiingereza, tena haraka haraka. Kiingereza nimekiandika jinsi kinavyosikika wodini. Neno lisipoeleweka, muulize sista wa zamu kabla hujagusa kitu.

Sefti boksi: kisanduku cha vitu vyenye ncha kali, yaani sindano, nyembe na vichupa vilivyovunjika. Hufungwa kikijaa robo tatu. Usikishindilie, usitie mkono ndani, usikikumbatie kifuani. Sindano ikikuchoma, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka, usikamue, kisha toa taarifa papo hapo, hata iwe saa nane usiku. Dawa za kuzuia VVU, zinazoitwa PEP, lazima zianze ndani ya saa 72, na kadiri unavyowahi ndivyo bora. Humezwa siku 28. Mwenzetu mmoja alificha kidole mfukoni siku mbili akiogopa kugombezwa. Tafadhali, msifanye hivyo. Hapa hagombezwi mtu kwa kuchomwa.

Spili: damu au majimaji ya mwili yaliyomwagika. Vaa glavu nzito, funika kwa kitambaa, mwagia klorini ya asilimia 0.5, subiri dakika 10, ndipo ufute. Jiki yetu ni ya asilimia 3.5: kopo 1 la jiki kwa makopo 6 ya maji. Usiichanganye kamwe na dawa ya choo yenye asidi. Hutoa hewa ya sumu.

Aisolesheni: chumba cha kumtenga mgonjwa mwenye maambukizi. Soma karatasi ya mlangoni, uliza uvae nini. Moppu ya humo haitoki kwenda chumba kingine.

NPO, au nili bai mauthi: mgonjwa asile wala asinywe, mara nyingi kwa sababu anasubiri upasuaji. Atakuomba maji kwa huruma, na ndugu zake pia. Usimpe hata funda moja, mwite nesi.

Thieta: chumba cha upasuaji. Leba: chumba cha kujifungulia. OPD: wagonjwa wa nje.

Strecha: machela. Funga breki kabla mgonjwa hajapanda au kushuka, inua vizuizi vya pembeni, na usimwache peke yake koridoni.

Katheta: mpira wa mkojo. Mfuko wake ukae chini kuliko kibofu muda wote. Ukiulaza tumboni mwa mgonjwa ili machela ipite vizuri, mkojo unarudi ndani na kuleta maambukizi.

Disichaji: mgonjwa ameruhusiwa. Kwako maana yake ni kuosha kitanda, godoro, kabati na stendi ya dripu kabla ya mwingine kulazwa.

Mochwari: chumba cha kuhifadhia maiti. Ukiitwa, usilitamke neno hili mbele ya wagonjwa wala ndugu. Kuwapa habari ni kazi ya daktari. Hakikisha utambulisho wa marehemu pamoja na nesi, funika mwili wote, sukuma taratibu.