Ripoti ya hitilafu ya Jumamosi 14 Juni: kwa nini seva ilizimika na dunia ikarudi nyuma

Wakuu, poleni sana kwa yaliyotukuta wikendi. Tuliahidi maelezo kamili, haya hapa. Saa zote ni za Afrika Mashariki.

Kwa asiye na muda wa kusoma yote: seva yetu ya Minecraft ilizimika Jumamosi 14 Juni 2025 saa 3:47 usiku, na ikafunguliwa tena kwa wote Jumapili saa 7:30 mchana. Ilipowaka, dunia kuu ilikuwa katika hali ya Jumamosi saa 10 alfajiri, yaani kazi ya mchana kutwa haikuwepo. Chanzo ni skripti ya bakapu iliyosimamisha uhifadhi wa dunia, kisha ikakwama kabla ya kuuruhusu tena. Majengo mengi tumeyarudisha. Mifugo na wanakijiji, hapana. Pesa za sokoni, vyeo na viwanja mlivyosajili havikuguswa, kwa kuwa hukaa kwenye hifadhidata tofauti.

Hatukudukuliwa. Na yule msimamizi mpya aliyepewa cheo Ijumaa hahusiki hata chembe. Cheo chake hakimfikishi kwenye konsoli wala kwenye mashine yenyewe. Walioandika vingine kumhusu wafute, tafadhali.

Ilianzia kwenye bakapu

Kila siku saa 10 alfajiri, wachezaji wakiwa wachache, skripti hunakili dunia nzima na kuiweka kwenye diski ya pili. Faili haziwezi kunakiliwa salama huku mchezo ukiendelea kuziandika. Utapata nakala yenye nusu ya zamani na nusu mpya. Kwa hiyo skripti huiambia seva iache kuandika kwa muda, imwage kwanza kila kilichobaki, nakala ipigwe, kisha uandishi uendelee. Iliyokuwa ikitumika ilikuwa hivi, tukiacha mapambo:

```bash
set -e
mcrcon "save-off"
mcrcon "save-all flush"
tar -czf "/backup/dunia-$(date +%F).tar.gz" world
mcrcon "save-on"
find /backup -name 'dunia-*' -mtime +14 -delete
```

Tazameni mstari wa kwanza. `set -e` maana yake ni kwamba amri yoyote ikishindwa, skripti isimame hapo hapo. Kwa kawaida hiyo ni tahadhari nzuri. Ila Jumamosi iliyoshindwa ni `tar`, kwa sababu diski ya bakapu ilijaa, na `save-on` iko chini yake. Skripti ikasimama, `save-on` haikutumwa, na seva ikabaki na amri ya mwisho iliyopewa: usiandike.

Kwenye kumbukumbu za konsoli jambo hili linaonekana waziwazi ukijua pa kutazama. Alfajiri ya kawaida huwa na mistari mitatu. Jumamosi ilikuwa miwili:

```
[04:00:01] [Server thread/INFO]: [Rcon: Automatic saving is now disabled]
[04:00:09] [Server thread/INFO]: [Rcon: Saved the game]
```

Wa tatu, ule wa `Automatic saving is now enabled`, haupo. Hakuna maandishi mekundu wala onyo. Kuna mstari tu ambao haukuandikwa.

Diski ilijaaje? Tangu tulipopanua mpaka wa ramani mwezi Machi, wenye mabawa ya elitra wamekuwa wakiruka mbali kila siku, na kila eneo jipya linalofunguliwa huongeza ukubwa wa dunia. Bakapu moja ilikuwa GB 9 kabla ya hapo. Mwezi huu ilishafika GB 14. Tunaweka za wiki mbili, na mpya ya siku hiyo juu yake, kwenye diski ya GB 200, hesabu mjifanyie wenyewe. Zaidi ya hapo, mstari wa kufuta za zamani uko mwisho kabisa wa skripti, hivyo siku nafasi inapokwisha ndiyo siku usafi nao haufanyiki.

Mchana kutwa bila kuandika

Seva katika hali hii ni kama karani aliyefunga daftari lakini anaendelea kupokea wateja na kuweka kila kitu kichwani. Mlijenga, mkachimba, mkauziana, na kila kitu kilionekana sawa kwa kuwa kilikuwepo kwenye kumbukumbu ya mashine. Diskini hakikufika.

Lagi nayo ilitokana na jambo hilo hilo. Kwa kawaida mchezaji akiondoka eneo fulani, chanki za pale huandikwa diskini na kutolewa kwenye kumbukumbu. Uhifadhi ukiwa umezimwa, seva haizitoi, inazishikilia zote. Kila aliposafiri mtu, mzigo uliongezeka na haukupungua. Kufikia saa 11 jioni amri ya `/tps` ilikuwa inaonyesha kati ya 9 na 12 badala ya 20, na konsoli ikirudia `Can't keep up!` kila baada ya muda mfupi. Wengi wenu mlilalamika kwamba bloku mnazovunja zinarudi na mazombi wanatembea kwa kurukaruka. Wasimamizi wa zamu walidhani ni msongamano wa Jumamosi, maana mashindano ya ujenzi yalikuwa yanaendelea, na wakaamua kutoiwasha upya seva hadi yaishe.

Hapa ndipo panapouma. Seva hii ikizimwa kwa utaratibu, kwa amri ya `stop`, huandika kila kitu diskini kabla ya kufunga, hata kama uhifadhi ulikuwa umezimwa. Kuiwasha upya jioni ile kungeokoa kazi yote. Lakini kwa waliyokuwa wanayaona kwenye skrini, kusubiri ulikuwa uamuzi wa busara, na hatuna neno na aliyeutoa.

Saa 3:47 usiku mashine yenyewe iliishiwa kumbukumbu. Tulikuwa tumeipa Java hadi GB 14 kati ya 16 zilizopo, na hifadhidata inakaa humo humo. Linuksi ikibanwa kiasi hicho huchagua programu kubwa na kuiua:

```
Out of memory: Killed process 1187 (java)
```

Programu iliyouawa namna hiyo haipewi nafasi ya kuaga, sembuse ya kuhifadhi. Dakika tano baadaye seva ikajiwasha yenyewe na kusoma kilichokuwepo diskini, yaani dunia ya saa 10 alfajiri. Saa 4:05 usiku tulifunga mlango ili watu wasiendelee kujenga juu ya ramani iliyorudi nyuma.

Kwa nini wengine walipoteza na wengine wakapata mara mbili

Swali hili limeulizwa kuliko yote. Vitu ulivyobeba mwilini huandikwa kwenye faili lako unapotoka mchezoni, na hata uhifadhi wa dunia ukizimwa faili hilo huendelea kuandikwa. Sanduku ni sehemu ya dunia. Kwa hiyo faili za wachezaji zilikuwa za Jumamosi jioni, huku masanduku yakiwa ya alfajiri.

Mchezaji mmoja alitumia mchana akichimba, akaweka almasi 41 kwenye sanduku la kikundi chake, akatoka. Mfukoni hana, sandukuni hamna. Mwenzake alichukua vyuma kwenye sanduku lile lile, naye akatoka. Mfukoni anavyo, na sandukuni vimerudi. Hakuna aliyeiba kitu. Tumeona vikundi viwili vikirushiana maneno makali kwa jambo hili, na tunaomba mpatane.

Kilichotuokoa ni CoreProtect, plagini tunayoitumia kuwanasa waharibifu. Huandika kwenye hifadhidata kila bloku iliyowekwa au kuvunjwa na kila kilichoingia au kutoka sandukuni, pamoja na jina na saa. Rekodi zake za Jumamosi zilikuwepo zote. Usiku ule tuliandika programu ndogo ya kuzisoma kwa mpangilio wa saa na kuweka bloku upya, tukaijaribu kwenye nakala ya dunia, kisha asubuhi tukaiendesha kwenye dunia yenyewe. Ule mtaa wa Forodhani uliokuwa unajengwa kwa ajili ya mashindano umerudi hadi milango ya nakshi.

Masanduku tuliyashughulikia kwa mkono pale ambapo rekodi na mfuko wa mchezaji havikulingana. Vilivyojirudia tumeviondoa kama rekodi iko wazi. Penye shaka tumemwachia mchezaji. Afadhali vyuma vizidi kidogo kwenye uchumi wa seva kuliko kumnyang'anya mtu jasho lake.

Visivyorudi: wanyama waliozaliwa siku hiyo, wanakijiji mliowapandisha daraja la biashara, na mazao yaliyokua. Mashine za redistoni nyingine zimerudi zikiwa na bloku zote lakini hazifanyi kazi. Mara nyingi kuvunja na kurudisha kirudishaji kimoja kunatosha kuziamsha.

Tulichobadilisha

Skripti sasa inaanza hivi:

```bash
set -e
trap 'mcrcon "save-on"' EXIT
```

Mstari wa `trap` unahakikisha kwamba kwa namna yoyote skripti itakavyoishia, iwe imefaulu au imeshindwa, uhifadhi unawashwa. Pia inapima nafasi ya diski kabla ya kuigusa seva, na bakapu za zamani zinafutwa mwanzoni. Jumatatu tuliijaza diski ya seva ya majaribio makusudi na kuiendesha. Bakapu ilishindwa kama tulivyotaka, na `save-on` ikatumwa.

`trap` haisaidii skripti yenyewe ikiuawa ghafla, ndiyo maana kuna mlinzi wa pili ambaye haitegemei. Kila dakika 10 anatazama kama kuna faili lolote la `.mca` lililoandikwa ndani ya robo saa iliyopita. Kama wachezaji wamo na hakuna lililoandikwa, simu za wasimamizi watatu zinalia. Binafsi naona hiki ndicho kinga kubwa zaidi ya zote, kwa sababu ving'ora vya zamani viliangalia kama seva inajibu na kama diski kuu ina nafasi. Seva ilikuwa inajibu mchana kutwa, na diski iliyojaa ilikuwa ile nyingine.

Java imepunguziwa hadi GB 11, na wasimamizi wa zamu wana ruhusa ya kuiwasha upya seva kwa `stop` pindi `/tps` ikishuka chini ya 15 kwa nusu saa, hata kama kuna mashindano. Diski ya bakapu itaongezwa hadi GB 500 mwisho wa mwezi. Hilo halijafanyika bado.

Madai

Kama bado unakosa kitu, fungua tiketi kabla ya Jumapili 22 Juni saa 6 usiku. Andika jina lako la mchezoni, namba za mahali kutoka kwenye skrini ya F3, kitu gani, na saa ya kukadiria ulipokiweka. Picha si lazima, rekodi tunazo. Waliopoteza wanakijiji wa daraja la juu watapewa mayai ya kuwazalisha na zumaridi za kuwapandisha, ila biashara zao zitakuwa za bahati nasibu kama kawaida ya mchezo. Mashindano ya ujenzi yamesogezwa hadi Jumamosi 28 Juni, na kazi zilizokwisha kuwasilishwa zinabaki kwenye orodha.