Maji ya bibi Kongwa

Nilipelekwa kwa bibi Kongwa nikiwa darasa la nne, mwezi wa kumi, jua linapasua ardhi na upepo wa kule Dodoma unavuma mchana kutwa mpaka vumbi unalitafuna kwenye ugali. Nimetoka Dar mimi, nyumbani maji ya kunywa yanatoka kwenye friji, sasa nikafika nikakuta mtungi mweusi umekaa kwenye mchanga chini ya upenu, nje umelowa na pembeni una chumvi nyeupe kama ukoko, nikamwambia bibi huu mtungi wako unavuja.

Bibi akacheka. "Mume wangu, hauvuji, unatoka jasho." Mi nikajua ananitania tu, maana bibi zetu wanavyotuita waume wao utani hauishi.

Kesho yake alfajiri nikagusa ndoo ya bati iliyolala nje, jamani ilikuwa baridi mpaka vidole vinauma! Nikamkimbilia bibi jikoni, bibi tuwe tunanywa ya kwenye ndoo, yana baridi kuliko ya mtungi. Hakubisha. Akachukua kopo akapima makopo sita kwenye mtungi, sita kwenye kibuyu cha kuchungia ng'ombe, sita kwenye ndoo, maji yote ya dumu moja, vyote akavifunika akaviweka kivulini mahali pamoja, akasema tutakunywa saa nane.

Saa nane ilivyofika akanifunga macho na khanga. Funda la kwanza nikajua hapohapo ni kibuyu, maana kina harufu ya moshi, maji yake hayakuwa ya moto ila hayakuwa baridi vile, ya kawaida. La pili vuguvugu, nikakunja uso. La tatu yaani lilishuka kifuani nikalisikia linapita mpaka tumboni, nikasema hii ndoo! Bibi akanifungua macho, kata ilikuwa inatoka kwenye mtungi.

Niliona aibu kweli, nikaigusa ndoo tena, imeshapata joto. "Bati halina siri," bibi akasema, "usiku ukiwa baridi na lenyewe baridi, hewa ikichemka linachemka nayo. Alfajiri umegusa bati, hukugusa maji." Kibuyu je? Kibuyu ganda lake linazuia joto lisiingie haraka, ndo maana wachungaji wanatembea nacho, chepesi na hakipokei jua upesi kama bati, lakini kinazuia tu, hakipoozi chenyewe.

Sasa huo mtungi unapooza na nini? Hapo bibi akanishika mkono akaulowesha na maji, akaunyoosha kwenye upepo. Nikasikia ubaridi. "Maji yakikauka yanaondoka na joto la mkono wako. Udongo una vitundu vidogo huwezi kuviona, maji yanapenya polepole mpaka nje, upepo unayakausha, yanaondoka na joto la yale yaliyobaki ndani." Kisha akaniambia nipime yaliyobaki. Ndoo makopo sita, kibuyu sita kasoro kidogo sana, mtungi matano na nusu hivi. Ile nusu kopo hakuna aliyeinywa! Nikashtuka maana maji tunafuata kwa punda, nikamuuliza bibi huoni hasara? Akasema hilo ndo linalonunua baridi, mchanga unakunywa kidogo na upepo unachukua linalobaki.

Akanionyesha na mtungi mwingine ndani, mzuri, shangazi aliupaka rangi ya mafuta maua mekundu nje. Huo bibi anawekea maharage. Rangi imeziba vitundu vyote, maji yake yanakuwa kama ya ndoo tu. Na hata huu mweusi akiuacha sana ile chumvi ya maji ya kisima inauziba, kwahiyo kila baada ya muda anausugua na mchanga mkavu, na mimi nikapewa hiyo kazi, nilisugua mpaka mikono ikawa miekundu.

Ila usiku sikulala nawaza ile ndoo. Kama kinachopooza ni kukauka, basi...

Asubuhi nikachukua gunia la katani, nikalilowesha, nikaifunga ndoo yote kuzunguka, nikaiweka kwenye kona ya nyumba palipo na upepo mkali, kila nikipita naimwagia kidogo maji tuliyooshea vyombo. Sikusema kitu. Mchana bibi ametoka shamba amechoka, nikamchotea kata ya kwenye ndoo nikampa kwa mikono miwili.

Akanywa. Akanyamaza, akaniangalia, akanywa tena mpaka kata ikaisha, akainuka mwenyewe akaenda kwenye kona akalishika lile gunia na kiganja.

"Mwagia huku juu," akasema, "limeanza kukauka."