Kupwa na Kujaa: salamu za kufungulia kipindi, Jumamosi ya bamvua

(Saa 1:00 asubuhi. Taarabu inapanda sekunde 20, inashuka chini ya sauti.)

Asalaam alaykum, na shikamooni wazee wangu wote mliokwisha kaa barazani na kahawa. Vijana wenzangu, mambo? Watoto mnaosubiri chai, hamjambo? Hapa ni Tanga mjini, saa 1 kamili asubuhi, Jumamosi, na hiki ndicho kipindi chako cha Kupwa na Kujaa. Mimi ni Mwanaidi. Nitakuwa nawe hadi saa 3, tuzungumze habari za bahari na watu wake.

Najua hatukuanza siku pamoja. Wewe mvuvi uliyelala baharini, kwako huu ni wakati wa kurudi. Boti imekwisha vutwa, samaki wako sokoni, na hiyo redio ndogo iko kando ya nyavu unazoshona. Pole na kazi, na pumzika salama. Mlinzi na muuguzi mliokesha zamu, nanyi poleni. Kama usingizi utakuchukua katikati ya maneno yangu, lala tu, jioni tutakutana tena. Dereva uliyetoka Horohoro alfajiri, safari njema, na mwendo uwe wa kufika. Mama uliye jikoni, mkono mmoja kwenye maandazi na mwingine kwenye kitufe cha sauti, ongeza sauti kidogo, leo nina neno lako.

Nanyi mlio mbali mnaotusikiliza kwa simu: Maskati kwenu ni saa 2 asubuhi, sabalkheri. London ni saa 10 alfajiri, na wewe unayejiandaa kwenda kazini gizani na baridi hiyo ya Januari, Mungu akutangulie. Toronto bado ni Ijumaa, saa 5 usiku. Masalkheri, na usilale kabla hatujamsikia mgeni.

Leo tuko kwenye bamvua. Maji yalijaa alfajiri, sasa yanatoka, na kwenye saa 4 hivi yatakuwa yamekupwa kabisa. Kila mwenye shamba la mwani Mkinga na Pangani anajua maana yake: saa 2 na nusu mko njiani, kanga kiunoni, kamba mpya begani, taitai za kufungia mwani zimefungwa kwenye kifuko ili zisilowe kabla ya wakati. Saa ya redio haibadiliki. Saa ya bahari inasogea kila siku, karibu dakika 50, kwa hiyo wiki hii mtatuacha katikati na Jumamosi ijayo, maji yakiwa mafu, mtatusikiliza mpaka mwisho. Ndiyo maana habari kubwa naitoa mapema, kisha nitairudia kwa kifupi kila nusu saa. Atakayewasha redio saa 2 atapata haki sawa na aliyewasha sasa hivi.

Habari yenyewe ni joto. Kaskazi hii maji ya kina kifupi yamekuwa moto, na mwani wa kotonii, ule wenye bei nzuri kuliko spinosamu, unaweza kugeuka mweupe kwenye vishina, ukalegea, ukakatika na kwenda na mkondo. Mkulima anangoja wiki 6 avune, anakuta kamba tupu. Wataalamu na wakulima wengi wanashauri kusogeza shamba kwenye maji ya kina, yaliyo baridi zaidi. Ushauri mzuri, lakini unataka chombo, na unataka mtu anayejua kuogelea, ilhali wanawake wengi walioibeba kazi hii hawakufundishwa kuogelea utotoni. Mimi jambo hili linanigusa sana. Huwezi kumwambia mama asogee kwenye kina bila kumwambia atarudije. Kwa hiyo mgeni wetu leo ni mama wa Mkinga anayelima mwani, aliyejifunza kuogelea akiwa mtu mzima, tena akiwa na wajukuu. Yuko hapa studio, amekuja na kamba yake, na atatuonyesha, yaani atatusimulia kidole kwa kidole, anavyofunga kipando kisichotoka mawimbi yakipiga.

Namba ya studio ni ile ile mnayoitumia kila wiki. Piga, au tuma ujumbe wenye jina lako moja na mahali ulipo. Karibu sana. Tunaanza.

(Taarabu inapanda, inakata. Mahojiano, sehemu ya kwanza.)

(Saa 1:30.)

Ni saa 1 na nusu. Ndiyo kwanza umewasha redio? Karibu, hujakosa kitu kisichorudiwa. Hii ni Kupwa na Kujaa kutoka Tanga, mimi Mwanaidi, na tuko na mama mkulima wa mwani. Tumeongea juu ya maji ya moto na kotonii inayogeuka nyeupe. Amekwisha tuambia dalili ya kwanza ya kuangalia: vishina vinavyopauka. Ukiviona, vuna kilicho kizima mapema, usingoje wiki 6 zitimie. Sasa tunaingia kwenye kuogelea.

(Saa 2:05, baada ya taarifa ya habari.)

Wale mliofungulia kwa ajili ya taarifa ya habari, msizime. Habari za asubuhi? Na ninyi mama zangu mnaochukua kamba na kutoka sasa hivi, nendeni salama, msiende peke yenu, na mtu mmoja abaki akiangalia maji yanaporudi. Yote mtakayoyakosa yatarudiwa leo saa 2 usiku, neno kwa neno. Kwa anayebaki: mgeni wetu alianzia kwenye maji ya magotini, akishika ubao wa mtumbwi, na jirani yake akimshika kanga. Anaendelea kutusimulia.

(Saa 2:40.)

Umetukuta mwishoni, lakini karibu vilevile. Hii ni Kupwa na Kujaa. Kwa sentensi moja: kotonii ikipauka vuna mapema, na shamba likisogezwa kwenye kina, kuogelea na chombo vitangulie. Simu ziko wazi, tunapokea maswali ya mwisho.

(Saa 2:00 usiku, marudio. Salamu hii inawekwa badala ya ile ya asubuhi.)

Masalkheri. Mimi ni Mwanaidi, na hiki ni Kupwa na Kujaa, kipindi tulichokirusha leo asubuhi. Ukisikia ndani yake nikisema habari za asubuhi, ujue maneno yalisemwa jua likichomoza, na simu za studio kwa sasa hazipokelewi. Tuma ujumbe, tutausoma Jumamosi ijayo. Mama uliyerudi shambani mchana, umeoga, umekula na sasa umeegesha mgongo, marudio haya tumeyaweka kwa ajili yako. Maji yanatoka tena muda huu, na kwenye saa 4 usiku yatakupwa, kwa hiyo mwenye kutega au kuokota pweza usiku bado ana saa mbili za kutusikiliza kwa raha. Mgeni wetu ni mkulima wa mwani kutoka Mkinga. Nilimwuliza kwanza ni nini kilimfanya aogope maji kwa miaka yote hiyo, akanijibu hivi.

(Mahojiano yanaingia moja kwa moja, bila muziki.)