Bomba moja, matawi matatu: kutafuta kasi za maji kwa kanuni ya mwendelezo

Tangi la shule ya bweni limeinuliwa juu ya mnara. Kutoka chini yake linateremka bomba kuu lenye kipenyo cha ndani cha milimita 50, kisha linagawanyika mara tatu. Tawi A (milimita 40) linakwenda mabwenini, tawi B (milimita 25) jikoni, na tawi C (milimita 20) kwenye bustani ya mboga. Dira za maji zipo mbili tu, moja kwenye bomba kuu na nyingine kwenye tawi la jikoni. Tunataka kasi ya maji ndani ya kila bomba, pamoja na lile la mabwenini ambalo halina dira wala mahali pa kukinga ndoo.

Vipimo vilichukuliwa koki zote zikiwa wazi kama zinavyotumika kila siku:

Dira ya bomba kuu: ilisoma 8432.106, na baada ya dakika 10 ikasoma 8433.520 (mita za ujazo).
Dira ya jikoni, katika dakika 10 hizo hizo: ilisogea mita za ujazo 0.450.
Bustani: ndoo ya lita 20 ilijaa kwa sekunde 50.

Kanuni yenyewe ni fupi. Maji hayabanwi kirahisi, kwa hiyo bomba likiwa limejaa na halivuji, ujazo unaoingia kwenye mgawanyiko kila sekunde ndio huo huo unaotoka. Benedetto Castelli, mwanafunzi wa Galileo, alichapisha wazo hili mwaka 1628 alipokuwa akishughulikia maji ya mito. Kwa bomba letu:

Q = Q_A + Q_B + Q_C

na kwa kila bomba Q = A × v, ambapo A ni eneo la mkato wa ndani, A = πd²/4.

Angalia kinachojumlishwa hapo: ni ujazo kwa sekunde. Kasi hazijumlishwi. Anayeandika v = v_A + v_B + v_C ameshapotea kabla ya kugusa kikokotoo, na kosa hili ndilo linaloonekana mara nyingi kuliko yote kwenye madaftari.

Tuanze na ujazo, maana ndio tuliopima. Bomba kuu lilipitisha mita za ujazo 1.414 kwa dakika 10, yaani lita 1414 kwa sekunde 600:

Q = 1414 / 600 = 2.357 L/s
Q_B = 450 / 600 = 0.750 L/s
Q_C = 20 / 50 = 0.400 L/s

Linalobaki ni la mabweni:

Q_A = 2.357 − 0.750 − 0.400 = 1.207 L/s

Sasa tugeuze ujazo kuwa kasi. Ukipenda njia ndefu, badilisha milimita ziwe mita kwanza. Kwa bomba kuu, A = π × 0.050² / 4 = 0.001963 m², na Q = 0.002357 m³/s, hivyo v = 0.002357 / 0.001963 = 1.20 m/s. Njia hii ni sahihi, lakini sifuri zake nyingi hupotea njiani, hasa kwa anayekumbuka kwamba mita ina milimita 1000 akasahau kwamba mita ya mraba ina milimita za mraba 1,000,000. Kwa kazi ya mabomba ni nafuu kuwa na fomula moja iliyokwisha kubeba ubadilishaji wote, ukiingiza lita kwa sekunde na milimita:

v = 1273 × Q / d²

Namba 1273 ni 4/π ikizidishwa kwa 1000. Ukiitumia:

Bomba kuu: 1273 × 2.357 / 2500 = 1.20 m/s
Tawi A: 1273 × 1.207 / 1600 = 0.96 m/s
Tawi B: 1273 × 0.750 / 625 = 1.53 m/s
Tawi C: 1273 × 0.400 / 400 = 1.27 m/s

Kuhakiki ni haraka. Kwa kuwa π/4 ipo kila upande, inafutika, na kinachobaki ni d²v. Upande wa kuingia: 2500 × 1.20 = 3000. Upande wa kutoka: 1600 × 0.96 + 625 × 1.53 + 400 × 1.27 = 1536 + 956 + 508 = 3000. Pande zimelingana.

Majibu haya yana jambo la kutazamwa kwa makini. Bomba jembamba kuliko yote ni la bustani, lakini maji yake yanakwenda polepole kuliko ya jikoni. Wengi wamefundishwa kwamba "bomba likiwa jembamba maji yanakimbia", na wanashangaa hapa. Msemo ule ni wa kweli kwa bomba moja lisilogawanyika, ambalo maji yote yaliyopita sehemu pana lazima yapite sehemu nyembamba. Matawi hayako hivyo. Maji yanayoingia tawi C hayajapita tawi B, na kila tawi huvuta kiasi chake kulingana na urefu wake, mwinuko wa mahali linapoishia, kona zake, na koki iliyo mwishoni imefunguliwa kiasi gani. Mpira mrefu wa bustani unakwamisha maji mengi, ndiyo maana C imepungua.

Kwa sababu hiyo hiyo, vipenyo peke yake havitoshi kutupa kasi tatu. Mwendelezo ni mlinganyo mmoja, nao hutoa kisichojulikana kimoja. Ukiwa na matawi matatu na kasi ya kuingia tu, umepungukiwa taarifa mbili, na hakuna hila ya hesabu itakayoziba pengo hilo. Kugawa maji kwa uwiano wa maeneo ya mikato ni kudhani kimyakimya kwamba kasi zote zinalingana. Hapa dhana hiyo ingetoa 1600 + 625 + 400 = 2625, kisha 3000 / 2625 = 1.14 m/s kwa matawi yote. Jikoni ungekosea kwa robo nzima.

Kwenye mitihani taarifa mbili zinazokosekana hutolewa kwa maneno. Mfano: bomba hilo hilo, kasi ya kuingia 1.20 m/s, kasi za A na B zinalingana, na ya C ni mara mbili yake. Iite kasi ya A herufi u. Basi:

2500 × 1.20 = 1600u + 625u + 400 × 2u
3000 = 3025u
u = 0.99 m/s, na v_C = 1.98 m/s

Soma sentensi ya swali polepole. "Kasi ya C ni mara mbili" na "ujazo wa C ni mara mbili" ni hali mbili tofauti kabisa. Ya kwanza huzidisha v, ya pili huzidisha Q.

Turudi kwenye tangi. Hesabu imekaa vizuri, lakini inategemea vipimo, na kuna mahali pa kukosea panapofaa kujulikana mapema.

La kwanza ni kipenyo. Kinachohitajika ni cha ndani, na bomba la plastiki jeusi la poliethilini huitwa kwa kipenyo chake cha nje. Bomba la "milimita 50" lenye ukuta wa milimita 3 lina milimita 44 tu ndani. Ukiweka 50 mahali pa 44, eneo linaongezeka kwa asilimia 29, maana kipenyo kinapandishwa kipeo cha pili, na kasi unayopata inakuwa pungufu kwa kama asilimia 23. Mabomba ya chuma nayo huitwa kwa inchi za jina tu: la inchi moja la unene wa kati lina kama milimita 27 ndani, si 25.4. Pima kwa kalipa kwenye kipande kilichokatwa, usome pia unene wa ukuta uliopigwa chapa ubavuni.

La pili ni kupima matawi kwa zamu. Fundi anafunga A na B, anakinga ndoo bustanini, kisha anafunga C, anafungua B na kusoma jikoni. Kila tawi likibaki peke yake linapata msukumo mkubwa zaidi na kutoa maji mengi kuliko kawaida. Jumla ya matawi inazidi dira ya bomba kuu, na mtu anaanza kuilaumu dira. Vipimo vyote vichukuliwe kwa wakati mmoja, koki zisiguswe, na hapo awali maji yaachwe yatiririke dakika chache ili hewa iliyonaswa kwenye mabomba itoke. Hewa hugeuza dira na kuhesabiwa kama maji.

La tatu ni mdomo wa mpira. Ndoo inatoa ujazo sahihi, lakini kasi unayoiona mdomoni si kasi ya ndani ya bomba. Mpira wa bustani ukiishia kwenye tundu la milimita 12, lita zile zile 0.400 zinatoka kwa 1273 × 0.400 / 144 = 3.54 m/s, karibu mara tatu ya kasi ndani ya tawi. Hapa ule msemo wa bomba jembamba ni wa kweli, kwa sababu ni maji yale yale yanapita sehemu mbili zinazofuatana.

La nne linahusu hesabu ya kutoa, nalo hupuuzwa sana. Tuseme kila dira ina kosa la asilimia 2, na saa ya mkononi imekosea sekunde moja kwenye 50. Makosa yakielemea upande mmoja, Q_A ina shaka ya 0.047 + 0.015 + 0.008 = 0.070 L/s, kama asilimia 6 ya 1.207. Inavumilika. Lakini tuseme dira ya tatu ingenunuliwa ikafungwa mabwenini, na bustani ndiyo ikapatikana kwa kutoa. Shaka ingekuwa 0.047 + 0.024 + 0.015 = 0.086 L/s kwenye lita 0.400, zaidi ya asilimia 21. Kwa hiyo tawi linaloachwa lipatikane kwa kutoa liwe lenye maji mengi zaidi, na dogo lipimwe moja kwa moja, hata kwa ndoo.

Mwisho, koki ya bustani ikifungwa, usichukue zile lita 0.400 ukazigawia A na B. Msukumo unabadilika kwenye mgawanyiko na maji yanayotoka tangini yanapungua. Soma dira upya. Baada ya kufunga C, bomba kuu lilipitisha mita za ujazo 1.302 kwa dakika 10 na jikoni 0.474, yaani 2.170 na 0.790 L/s. Mabweni yanapata 1.380 L/s, na kasi mpya ni 1273 × 1.380 / 1600 = 1.10 m/s kwa A, na 1.61 m/s kwa B. Kati ya lita 0.400 zilizozuiwa, A na B zilipata 0.213 kwa sekunde. Zilizobaki hazikutoka tangini.