Zoezi la Sheria ya Ardhi: Kiwanja Namba 47

Muda: saa 2. Alama: 60. Nchi inayohusika ni ya kubuni, hivyo tumia kanuni zilizotolewa hapa, si sheria ya nchi yako. Chora mstari wa matukio kabla ya kuandika. Tarehe zimepangwa kwa makusudi.

Maelezo

Mwaka 2004 Mosi alinunua Kiwanja Namba 47, hekta 2, chenye nyumba ya kuishi. Theluthi moja ya bei ilitoka kwenye akiba ya mkewe, Pili, lakini hati ilitoka kwa jina la Mosi peke yake na daftari la ardhi halimtaji Pili popote. Wameishi humo tangu wakati huo.

Juni 2006 jirani wa mashariki, Tatu, alijenga uzio ulioingia mita 4 ndani ya kiwanja hicho kwa urefu wa mita 90, yaani mita za mraba 360. Akapanda miti ya matunda, akawa anavuna mwenyewe. Februari 2012 Mosi alimwandikia: “Endelea kulima kipande hicho hadi nitakapokihitaji.” Tatu aliisoma barua, akaiweka kabatini. Hakuwahi kuomba ruhusa, na hakujibu.

Tarehe 1 Februari 2019 Mosi alimpangisha Shabani jengo dogo la mbele kwa miaka 6. Mkataba uliandikwa na kusainiwa, haukusajiliwa. Kifungu cha 9 kinampa mpangaji haki ya kununua jengo na eneo lake kwa bei ya mthamini huru, akitoa notisi ya maandishi kabla pango halijaisha. Shabani ni fundi cherehani. Kibao chake kiko juu ya mlango, na cherehani zake 3 zinaonekana dirishani kutoka barabarani.

Machi 2022 mambo yakafuatana haraka. Tarehe 2 Mosi alisaini mkataba wa kumuuzia Rajabu kiwanja chote, akapokea nusu ya bei. Tarehe 7 benki, isiyojua lolote kuhusu mauzo hayo, ilifanya upekuzi wa daftari na kulikuta safi. Tarehe 9 mthamini wa benki alikagua nyumba. Pili alikuwa ameondoka wiki 2 kabla kwenda kumuuguza mama yake, akarudi tarehe 30. Nguo zake zilikuwa kabatini na miwani yake ya kusomea juu ya meza. Mosi alimwambia mthamini kwamba anaishi peke yake. Mthamini aliandika hivyo, na kuhusu jengo la mbele akaandika “duka” bila kuuliza ni la nani. Tarehe 14 rehani ilisainiwa na mkopo ukatolewa. Tarehe 18 Rajabu aliweka zuio kwenye daftari. Tarehe 21 msajili aliisajili rehani bila kumpa Rajabu taarifa.

Oktoba 2023 Mosi alishindwa kulipa, na hana mali nyingine. Tarehe 20 Novemba 2023 Shabani alimpa Mosi notisi chini ya kifungu cha 9. Benki inataka kuuza kiwanja chote kikiwa kitupu.

Kanuni

1. Anayesajiliwa kwa nia njema na kwa thamani hafungwi na maslahi yasiyosajiliwa, isipokuwa maslahi ya mtu anayekalia ardhi, na haki zilizopatikana chini ya kanuni ya 3. Anayekalia hupoteza kinga hii akiulizwa akaficha haki yake. Sheria haisemi ukaaji upimwe siku ya kusaini au siku ya kusajili.

2. Pango la zaidi ya miaka 3 lisiposajiliwa si pango kisheria, ila kwa misingi ya usawa ni makubaliano yanayoweza kutekelezwa.

3. Anayemiliki ardhi ya mwingine waziwazi, mfululizo na bila ruhusa kwa miaka 12 huzima haki ya mwenye hati.

4. Zuio likishawekwa, muamala mwingine hausajiliwi kabla mwenye zuio hajapewa taarifa ya siku 30.

5. Aliyechangia bei bila kuandikwa kwenye hati ana hisa inayolingana na mchango wake, na mwenye hati humshikia kwa amana. Mnunuzi aliyesaini mkataba wa maandishi ana maslahi kwa misingi ya usawa.

Maswali

(a) Je, Tatu amepata mita za mraba 360? Jadili iwapo ruhusa isiyoombwa wala kujibiwa ni “ruhusa” chini ya kanuni ya 3, na miaka 12 ihesabiwe kuanzia lini. (Alama 15)

(b) Mshauri Pili. Tenganisha kuwepo kwa hisa yake na uwezo wa hisa hiyo kuifunga benki. Wanaochanganya mambo haya mawili hupoteza alama nyingi hapa. Je, alikuwa “anakalia” tarehe 14 na 21? Ukimya wake unaweza kuhesabiwa kuwa ni kuficha, ilhali aliyeulizwa ni Mosi? (Alama 15)

(c) Panga kipaumbele kati ya Rajabu na benki, kwanza ukichukulia usajili wa tarehe 21 ni halali, kisha ukichukulia ni batili. Rehani ikibaki bila usajili, ni maslahi ya nani yaliyotangulia? (Alama 18)

(d) Je, haki ya Shabani kununua inaifunga benki pamoja na upangaji wake, au upangaji peke yake? Notisi aliyopewa Mosi inatosha, wakati anayetaka kuuza ni benki? Onyesha pia ni sehemu gani ya Kiwanja 47, kama ipo, benki inaweza kuiuza ikiwa tupu leo. (Alama 12)