Kanuni za Maadili za Klabu ya Soka ya Vijana ya Kijichi

Kanuni hizi zinamhusu kila anayefika uwanjani kwa jina la klabu: wachezaji wa timu za chini ya miaka 11, 13, 15 na 17, wavulana na wasichana, makocha, mameneja wa timu, wazazi na walezi. Zinaanza kutumika tarehe 1 Februari 2025. Siku ya kumwandikisha mtoto, mzazi na mtoto wanasomewa kanuni zote na kuuliza maswali kabla ya kuweka sahihi.

1. Wachezaji

1.1 Mazoezi ni Jumanne na Alhamisi saa 10:30 jioni, na Jumamosi saa 1:00 asubuhi. Anayechelewa au kukosa atoe taarifa kwa kocha kupitia simu ya mzazi. Mwenye mtihani au masomo ya ziada anaruhusiwa, na hapotezi nafasi yake kwenye timu kwa sababu hiyo.

1.2 Mchezaji anaandikishwa kwa cheti cha kuzaliwa kilichotolewa na RITA. Ambaye hana cheti aje na kadi ya kliniki na barua ya shule huku mzazi akifuatilia. Klabu haichezeshi vijeba, hata fainali, hata wapinzani wakichezesha wa kwao. Kila dakika anayocheza kijeba kwenye timu ya chini ya miaka 13 imetoka kwa mtoto wa miaka 12 aliyekaa benchi. Ikigundulika kuwa umri umeghushiwa, adhabu ni ya mtu mzima aliyeghushi. Mtoto anahamishiwa timu ya umri wake.

1.3 Refa habishiwi. Mwenye haki ya kumwuliza jambo ni nahodha, kwa heshima, mpira ukiwa umesimama. Kutukana, kutema mate, kumkejeli mwenzako kwa kabila, dini, umbo, ulemavu au kwa kuwa ni msichana ni kosa, mazoezini na kwenye mechi, na pia kwenye kundi la wasapu.

1.4 Kucheza ndondo bila kocha kujua hakuruhusiwi. Tunajua kuna pesa ya soda pale, lakini mtoto anayecheza mechi mbili siku moja kwenye uwanja wa mawe anarudi kwetu Jumanne akichechemea.

1.5 Vikinga ugoko ni lazima. Asiye na viatu aseme mapema. Klabu ina viatu vya kuazima na hakuna wa kumcheka.

2. Makocha na viongozi

2.1 Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, mtoto ni mtu wa chini ya miaka 18. Maana yake wachezaji wetu wote ni watoto, akiwemo yule beki wa miaka 16 aliyemzidi kocha kimo.

2.2 Kocha hampigi mchezaji. Hakuna fimbo, kofi wala kuvuta sikio. Hakuna kupigishwa magoti, kunyimwa maji au kukimbizwa mizunguko mpaka mtu atapike. Kauli ya "hata sisi tulilelewa hivyo" haitasikilizwa na kamati.

2.3 Mtu mzima hakai peke yake na mtoto mahali pasipoonekana. Mazungumzo ya faragha yafanyike pembeni mwa uwanja, wengine wakiwaona. Kocha hamtumii mchezaji ujumbe binafsi. Taarifa zinapita kwa mzazi au kwenye kundi la timu. Hampakizi mtoto mmoja kwenye bodaboda yake, wala hamlazi kwake. Timu ya wasichana haifanyi mazoezi wala haisafiri bila mwanamke mtu mzima, na wakati wa kubadili nguo kocha wa kiume anakaa nje.

2.4 Timu haisafiri nyuma ya pikapu wala lori, hata kama uwanja uko karibu.

2.5 Aliyegongwa kichwa akaonekana kuchanganyikiwa, kutapika au kupoteza fahamu hata kwa sekunde chache, anatoka na harudi siku hiyo. Hataki, mzazi hataki, mechi ni ya kombe: harudi. Anapelekwa kituo cha afya, na mazoezini anarejea kwa ruhusa ya daktari.

2.6 Kwenye timu za chini ya miaka 11 na 13, kila aliyeorodheshwa kwa mechi anacheza angalau nusu ya muda. Kuanzia chini ya miaka 15 kocha anapanga kikosi kwa uwezo na mahudhurio, akiwa tayari kueleza sababu.

2.7 Kocha hapokei pesa wala zawadi ili kumpanga mtoto. Hachangishi wachezaji kwa ajili ya mganga. "Kamati ya ufundi" ya usiku haina bajeti hapa.

2.8 Wakala au mtu yeyote anayeahidi majaribio anakutana na uongozi pamoja na mzazi, mchana, ofisini. FIFA hairuhusu uhamisho wa kimataifa wa mchezaji wa chini ya miaka 18 isipokuwa kwa masharti machache maalumu, kwa hiyo anayemwahidi mtoto wa miaka 15 timu ya nje na kuomba pesa ya pasipoti ashukiwe kwanza.

3. Wazazi na walezi

3.1 Wazazi wanasimama nyuma ya kamba, upande ulio mkabala na mabenchi. Shangilieni. Maelekezo ya mchezo anatoa kocha, mtoto anayeambiwa "piga!" na baba na "tulia!" na mwalimu kwa sekunde ileile hawezi kufanya lolote.

3.2 Mwenye malalamiko ya kikosi amwone kocha kuanzia kesho yake, si filimbi ya mwisho ikilia.

3.3 Kuwekeana dau kwenye mechi za watoto ni marufuku, hata la chupa ya soda.

3.4 Ada ni shilingi 5,000 kwa mwezi. Aliyekwama azungumze na mweka hazina. Mtoto harudishwi nyumbani kwa deni la mzazi.

4. Nidhamu

4.1 Makosa madogo, kama kuchelewa mara kwa mara au kubishana, yanamalizwa na kocha kwa onyo la mdomo, kisha la maandishi lenye nakala kwa mzazi.

4.2 Kupigana, kumtukana refa, wizi au kuvunja 1.2 na 3.3 kunakwenda kwa kamati ya nidhamu yenye watu watatu, akiwemo mzazi mmoja na mwanamke angalau mmoja. Mtuhumiwa anapewa barua ya kosa siku 2 kabla ya kikao. Mchezaji anakuja na mzazi au mlezi, anajieleza, anaita mashahidi. Uamuzi wa maandishi, wenye sababu, unatolewa ndani ya siku 3.

4.3 Adhabu ya mchezaji ni kukosa mechi 1 hadi 4. Kufukuzwa ni kwa kosa zito lililorudiwa. Aliyefungiwa mechi anaendelea na mazoezi, maana kumwacha mtaani hakumfunzi kitu. Mzazi anaweza kuzuiwa kufika uwanjani, na mwanawe akaendelea kucheza. Kocha aliyempiga mtoto anasimamishwa siku hiyohiyo hadi kamati iamue.

4.4 Tuhuma za ukatili au udhalilishaji wa kingono haziji kwenye kamati hii na hazimalizwi kifamilia. Anayejua apige Simu ya Mtoto 116, au aende kwa afisa ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto polisi. Mtuhumiwa haingii uwanjani wakati wote huo. Kiongozi atakayewaita wazazi "wayazungumze" anapoteza cheo.

5. Rufaa

5.1 Asiyeridhika anakata rufaa kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu kupokea uamuzi. Karatasi ya daftari inatosha, na hakuna ada. Mtoto anaweza kuandika mwenyewe.

5.2 Rufaa inasikilizwa ndani ya siku 10 na watu watatu ambao hawakukaa kwenye kikao cha kwanza, si ndugu wa mhusika, na si makocha wa timu yake. Wanaweza kufuta, kupunguza au kuacha adhabu ilivyo. Hawawezi kuiongeza, ili mtu asiogope kuja.

5.3 Adhabu ya kukosa mechi inasubiri rufaa. Kusimamishwa kwa kulinda watoto hakusubiri.

5.4 Kadi na matokeo ya mechi za ligi vinafuata taratibu za chama kinachoendesha ligi. Kwa makosa ya ndani ya klabu, uamuzi wa rufaa ndio wa mwisho, na nakala yake inapelekwa kwa aliyelalamika pia.